Prokirasio ya kuuza nyumba Lubumbashi ukiwa ng'ambo: kuiandika, kuipa mwisho, kuifuta

Yaya, uliniomba modeli ya prokirasio, yaani karatasi ya kumpa mtu uwezo wa kutenda kwa jina lako, ili usaini huko Liège na mdogo wetu aanze kushughulikia nyumba ya Bel-Air. Ile uliyopewa na rafiki yako nimeisoma. Inasema unampa "uwezo wote juu ya mali yangu yote iliyoko Lubumbashi, pamoja na kuuza." Usiisaini. Nakuandikia hatua zote hapa, na naziacha wazi kwa kila mtu, maana kwenye kazi yangu ya uavoka swali hili linarudi kila mara kutoka kwa ndugu walioko Ulaya.

Shika jambo moja kabla ya yote. Mnunuzi, notere na konsevatere wa hati za ardhi wanasoma karatasi. Mlichoongea wewe na mdogo wetu kwenye simu hawakijui. Ukimwambia kwa mdomo "usiuze chini ya dola 45,000", hilo ni lenu wawili. Ukiliandika ndani ya prokirasio, mnunuzi naye amelisoma, na akinunua kwa dola 30,000 hawezi kudai kwamba hakujua mipaka.

Hatua ya 1: tenganisha kusimamia na kuuza

Sheria yetu ya uwakilishi iko katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba. Ni ya zamani kabisa, lakini ndiyo tunayoitumia hadi leo. Inasema kwamba prokirasio iliyoandikwa kwa maneno ya jumla inafika kwenye kusimamia tu: kukusanya kodi, kutengeneza paa, kumwandikia mpangaji barua. Kuuza au kuweka rehani kunataka kutajwa waziwazi.

Kwa hiyo andika karatasi mbili. Ya kwanza ni ya kusimamia nyumba na wapangaji, inaweza kukaa mwaka mzima. Ya pili ni ya kuuza, na inahusu nyumba hiyo moja tu. Ukizichanganya, kila mara mdogo wetu akienda kudai kodi atakuwa amebeba mkononi karatasi inayoweza kuuza nyumba. Halafu siku utakapotaka kusimamisha mauzo, utajikuta umemnyima na uwezo wa kufuata wapangaji.

Kwenye ile ya kusimamia, usisahau garanti ya wapangaji. Andika kwamba garanti na kodi za miezi ya mbele haviruhusiwi kuchukuliwa bila idhini yako ya maandishi. Hapo ndipo hela zinapotoweka kimyakimya: mpangaji anaingia akiwa amelipa mwaka mzima, wewe unaambiwa nyumba haina mtu.

Hatua ya 2: andika mipaka ya uwezo wa kuuza

Hii ndiyo sehemu ya kukaa nayo muda mrefu. Anza kwa kuitambulisha nyumba bila nafasi ya kubahatisha: komini ya Kampemba, mtaa wa Bel-Air, avenyu na namba, namba ya kadastre, ukubwa wa parsele, na hasa volyumu na folio ya sertifika ya usajili, ile hati ya umiliki wa nyumba. Vyote hivyo viko kwenye sertifika yako, na unavinakili kama vilivyo, hata kama jina lako lina kosa la herufi. Kosa hilo tutalisahihisha kwa njia yake.

Kisha vifungu vyenyewe. Nakuandikia maana yake kwa Kiswahili. Mimi nitaviweka kwa Kifaransa, kwa sababu ofisi zetu zinafanya kazi kwa lugha hiyo.

"Anaruhusiwa kutafuta mnunuzi, kusaini mkataba wa mauzo mbele ya notere, na kufuata mutasyo, yaani kuhamisha umiliki, mpaka sertifika mpya itoke kwa jina la mnunuzi. Bei isipungue dola za Marekani 45,000."

"Bei yote italipwa kwa njia ya benki kwenye akaunti yenye jina langu. Mwakilishi haruhusiwi kupokea pesa ya mauzo, hata akonto, hata kwa risiti."

"Haruhusiwi kujiuzia yeye mwenyewe, mke wake, watoto wake wala kampuni anayoshiriki. Haruhusiwi kumpa mtu mwingine uwezo huu. Haruhusiwi kuweka nyumba rehani, kuacha sertifika kwa mkopeshaji, wala kuomba sertifika mbadala kwa madai kwamba ya kwanza imepotea."

Kifungu cha pili ndicho kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote. Anayesaini asiwe anayepokea. Mdogo wetu atanung'unika kwamba unamwona mwizi. Mwambie ni mimi niliyeandika. Yeye naye kinamlinda, kwa sababu hakuna shangazi wala mjomba atakayemwomba amwazime kidogo kwenye pesa ambayo hakuigusa.

Kuhusu sertifika: watu wengi wanadhani hatari ni kuuza tu. Hapa mjini kuna wakopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita banki lambere, wanaochukua sertifika kama dhamana ya mkopo wa riba kali. Nyumba haijauzwa, ila karatasi imelala kwenye droo ya mtu mwingine. Na mtu aliyepoteza sertifika kwa njia hiyo ndiye huyo anayekuja baadaye kutangaza kwamba imepotea ili apate nyingine.

Kama mna ndoa halali na shemeji, yeye naye asaini. Sheria ya familia inataka wanandoa wote wawili wakubaliane nyumba inapouzwa, hata kama sertifika ina jina la mmoja. Konsevatere akiuliza na saini haipo, mtarudi ubalozini upya.

Hatua ya 3: ipe mwisho

Prokirasio isiyo na tarehe ya mwisho haifi kwa kuzeeka. Inakwisha ukiifuta, mwakilishi akijiuzulu, mmoja wenu akifariki, au mmoja wenu akiwekwa chini ya uangalizi wa kisheria. Nimeona karatasi za miaka kumi na zaidi zikitolewa kwenye bahasha kama zimeandikwa jana.

Mauzo yana vipindi viwili, basi weka tarehe mbili. Mfano: ukisaini tarehe 1 Machi, kutafuta mnunuzi na kusaini mkataba kuishe tarehe 31 Agosti, kufuata mutasyo ya mkataba uliokwisha kusainiwa kuendelee hadi tarehe 31 Desemba. Ukiweka tarehe moja fupi, inaweza kukatika faili likiwa bado kwa konsevatere, na mnunuzi amekwisha kulipa. Ukiweka moja ndefu, unaacha mlango wazi bila sababu.

Hatua ya 4: saini pale, na uamue karatasi zinakaa wapi

Njia iliyonyooka ni kwenda kwenye huduma ya konsila ya ubalozi wa Kongo huko Brussels na kusaini mbele yao. Ukipita kwa notere wa Ubelgiji, karatasi lazima ihalalishwe na Wizara ya Mambo ya Nje ya Ubelgiji, kisha na ubalozi wetu. Usiishie kwenye apostili, kwa kuwa Kongo haimo katika mkataba wa Hague wa 1961. Weka paraf, saini yako fupi, kwenye kila ukurasa, na futa kwa mstari nafasi zote tupu. Nafasi tupu chini ya bei ni mwaliko.

Toa nakala halisi moja tu. Mdogo wetu atabeba hiyo prokirasio. Sertifika haibebi. Mutasyo haifanyiki bila kurudisha sertifika ya zamani kwa konsevatere, kwa hiyo anayeishika ana breki ya mwisho mkononi. Iache kwa mtu wa tatu, awe avoka au mama, na iandikwe kwamba itatoka siku ambayo benki imethibitisha pesa imeingia kwenye akaunti yako.

Dalili za kuangalia

Mdogo wetu anaomba sertifika "ya kuonyesha tu." Mpimaji wa kadastre anaonekana kwenye parsele na hukumtuma. Mpangaji anakuuliza mwenye nyumba mpya ni nani. Mdogo wetu anasisitiza umpe karatasi nyingine "ya jumla, hii inasumbua." Mojawapo peke yake si ushahidi. Mbili pamoja, nipigie. Nitaenda kwa konsevatere kuomba kuona hali ya faili.

Usikawie kwa hilo. Sertifika mpya ikishatoka kwa jina la mtu mwingine, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inaipa nguvu kubwa, na baada ya miaka 2 kinachobaki mara nyingi ni kudai fidia tu. Nyumba yenyewe hairudi.

Hatua ya 5: kuifuta

Unaweza kuifuta siku yoyote, bila kueleza sababu, na una haki ya kudai nakala halisi irudishwe. Ila kumwandikia mdogo wetu "nimeifuta" hakutoshi. Mnunuzi ambaye hakuambiwa, na aliyenunua kwa nia njema, anabaki na haki yake. Wewe utabaki kumdai mdogo wetu.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Kwanza barua ya kufuta, imesainiwa na kuhalalishwa kama ile ya kwanza, ikitaja tarehe ya prokirasio na nyumba. Kabla mwakilishi hajajua, barua ifike kwa konsevatere na kwa notere, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku hiyo hiyo wisiye, mpeleka barua wa mahakama, ampelekee mdogo wetu barua hiyo na kudai prokirasio irudi. Halafu wapangaji, mkubwa wa avenyu, komini, na mnunuzi yeyote unayemjua. Ukianza na mwakilishi, unampa siku chache za kukimbilia saini. Umewahi kuona kuta zilizoandikwa kwa rangi kwamba parsele hii haiuzwi? Watu wanacheka, lakini rangi hiyo inamnyima mnunuzi wa kesho nafasi ya kusema hakujua. Nitaipaka.

Akiwa amekwisha kuuza nje ya mipaka, kuna mtego mmoja. Sheria inasema hufungwi na alichofanya kupita uwezo wake, isipokuwa ukikithibitisha, na kuthibitisha kunaweza kuwa kwa kitendo bila neno lolote. Basi ukiona kwenye akaunti dola 30,000 kutoka kwa mnunuzi usiyemjua, usizitumie, hata za matibabu. Waandikie mnunuzi na benki wiki hiyo hiyo kwamba unakataa mauzo na pesa iko tayari kurudishwa, kisha nitumie nakala. Nitaiweka kwenye faili la plente, yaani mashtaka, ya kuvunja amana pale parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, pamoja na prokirasio yenye ile bei ya dola 45,000.