Barua ya kuomba mtaji wa juisi: anza na hesabu ya chupa moja

Mdogo wangu mmoja anasindika juisi ya nanasi Chalinze, matunda anayatoa Kiwangwa. Mwezi uliopita aliniletea barua ya kurasa nne aliyotaka kumpelekea mfanyabiashara mwenye fedha za kuwekeza. Tulikaa nayo jioni tatu. Ikabaki ukurasa mmoja, na hata kile alichokuwa anaomba kikabadilika.

Hatua ya 1: Kichwa

Weka kiasi na kazi yake kwenye YAH: basi. Ile "husika na kichwa cha habari hapo juu" ifute, maana inakula mstari ambao msomaji angeutumia kukufahamu.

Hatua ya 2: Gharama ya chupa moja

Hapa ndipo jioni mbili ziliishia. Usiandike neno lolote kabla hujamaliza hatua hii, na uifanye kwa daftari na kalamu, ili kila shilingi uikumbuke ilikotoka.

Yeye aliandika kwamba chupa ya mililita 300 inamgharimu shilingi 800, inauzwa 1,500, faida 700. Nikamwambia tuhesabu mpiko mmoja, yaani chupa 200. Anatumia nanasi 100 za shilingi 500, ambazo ni 50,000. Chupa, vifuniko na lebo ni 60,000. Vibarua wawili 20,000, gesi na maji 16,000, usafiri 14,000. Jumla 160,000, na ukigawa kwa 200 unapata 800 kweli.

Lakini hauzi chupa 200. Daftari lake lilionyesha kwamba kama 10 hivi hurudi kutoka madukani, zimevimba au zimepitwa na tarehe. Gharama inabebwa na zile 190 zilizolipiwa, kwa hiyo chupa ni 842. Halafu 1,500 ni bei ya mnywaji. Duka linamlipa yeye 1,200. Faida ikashuka hadi 358.

Bado kuna msimu. Nanasi zikiadimika hufika shilingi 1,000, mpiko unakuwa 210,000 na chupa 1,105. Faida inabaki 95. Mwekezaji anayejua matunda atauliza hili kwanza, kwa hiyo andika faida zote mbili, ya msimu na ya nje ya msimu. Na kama wewe mwenyewe ndiye unayepika bila kujilipa, weka ujira wako humo, la sivyo siku ukiajiri mtu faida itapotea.

Hatua ya 3: Omba kile ambacho hesabu inakuonyesha

Barua ya kwanza iliomba friza nne za kuhifadhia juisi ya msimu, shilingi 7,200,000. Anapika mara tatu kwa wiki, na nanasi huwa ghali kama wiki 10 kwa mwaka. Friza zingemwokolea 50,000 kwa mpiko, yaani 1,500,000 kwa mwaka kabla ya umeme. Karibu miaka mitano ndipo zijilipe.

Tukarudi kwenye chupa. Chupa na kifuniko ananunua rejareja kwa 250. Akichukua 10,000 kwa mkupuo anauziwa 170. Hizo ni 1,700,000, zinaisha kwa wiki 16 hivi, na zinamwokolea 800,000. Ombi likawa hilo. Aya yake ilisomeka hivi:

"Ninaomba shilingi 1,700,000 za kununua chupa 10,000 kwa bei ya jumla. Kila chupa itashuka kwa shilingi 80. Leo ninapata faida ya 358 kwa chupa wakati wa msimu na 95 nje ya msimu. Nakala za daftari la mauzo la miezi sita nimeziambatanisha."

Hatua ya 4: Sema fedha zinaingiaje

Alikuwa ameahidi hisa asilimia 20, ilhali BRELA amesajili jina la biashara tu. Jina la biashara halina hisa za kugawa. Hizo zinahitaji kampuni. Kwa kiasi hiki mimi napendelea mkopo wenye tarehe za marejesho. Andika tarehe zenyewe.

Hatua ya 5: Vibali

Taja ulipofikia, wala usipambe. Kama una barua ya utambulisho ya SIDO na ombi lako la alama ya TBS bado linashughulikiwa, andika hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Kupeleka

Ipeleke kwa mkono, pamoja na chupa tatu ndani ya boksi la barafu: moja ya jana, moja ya wiki iliyopita, moja ya wiki mbili. Tarehe zisomeke kwenye lebo. Akizionja zote tatu atajua juisi yako inakaa muda gani dukani.