Mashine ya zege ikizima katikati ya slabu: mpango wa dharura na mpango wa akiba

Juzi kijana anayesimamia ujenzi huko Pasua, Moshi, aliniletea jedwali lake la vihatarishi nilipitie. Kwenye kihatarishi cha mashine ya kuchanganyia zege kuharibika, chini ya safu ya mpango wa dharura, alikuwa ameandika: "Mashine ifanyiwe sevisi." Tulikaa tukaipanga upya hivi.

Hatua ya 1: Andika kihatarishi chenyewe

Slabu ni mita 10 kwa 8, unene sentimita 15, yaani mita za ujazo 12 za zege. Mashine ikizima katikati, zege lililokwisha kumwagwa litakaza kabla jipya halijafika. Hayo mawili hayatashikana vizuri, na maji yatapita hapo.

Hatua ya 2: Je, unaweza kukiepuka?

Kuepuka ni kubadili kazi hadi kihatarishi kisiwepo kabisa. Ukiagiza zege lililochanganywa kiwandani, hakuna tena mashine ya kuzima saiti. Kwa yule kijana haikuwezekana, kwa sababu uchochoro wa kuingilia ni mwembamba mno kwa gari la zege.

Hatua ya 3: Punguza

Badilisha oili, kagua mkanda, nunua mkanda wa ziada, na jana yake iwashe mashine izunguke nusu saa. Hayo yote ni kupunguza uwezekano wa kuharibika. Kipimo changu ni swali moja: kazi hii itafanyika hata kama mashine haitaharibika? Kama jibu ni ndiyo, huko ni kupunguza. Ndiyo maana sevisi ya yule kijana haikuwa mpango wa dharura.

Hatua ya 4: Mpango wa dharura

Huu unaandaliwa mapema lakini hautekelezwi mpaka ishara itokee. Ishara iandikwe kwa namna ambayo watu wawili hawawezi kubishana juu yake. "Mashine ikisumbua" haitoshi, maana fundi atakwambia "dakika tano tu, bosi" mpaka saa nzima ipite. Tuliandika: mashine ikisimama dakika 15, msimamizi anapiga simu, mashine ya pili iliyokwisha kulipiwa kishika nafasi inaletwa kutoka Boma Ng'ombe. Hela ya kishika nafasi na ya usafiri wake iwe ndani ya bajeti kabla ya siku ya kumwaga.

Hatua ya 5: Mpango wa akiba

Hapa ndipo nilipoumia. Miaka ya nyuma nilisimamia slabu Arusha. Mashine ilizima saa tano asubuhi, tukaita ya pili kama tulivyopanga, nayo ikachukua karibu saa tatu kufika. Mpango wa dharura ulikuwepo, ila hakuna aliyejua la kufanya ukishindwa. Zege lilikuwa limeishia popote lilipofika, kwa mteremko. Tulipoendelea tulimwaga juu ya zege lililokwisha kukaza, na masika yaliyofuata dari ilivuja kwenye mstari uleule.

Mpango wa akiba unaanza pale mpango wa dharura unapokwama, kwa hiyo nao una ishara yake. Yetu ya Pasua: dakika 45 tangu simu ipigwe na mashine ya pili haijafika, tunaacha kuisubiri. Usiweke muda mrefu zaidi ya huo, kwa sababu jua likiwa kali zege halikupi nafasi kubwa.

Na usiutegemeze kwenye kitu kilekile. Mashine ya tatu kwa mwenye ile ya pili, inayoletwa na gari lilelile, itakwama kwa sababu ileile. Mimi napendelea mpango wa akiba usiohitaji mashine kabisa: kusimamisha kazi mahali sahihi.

Mhandisi achore mstari wa kusimamia zege kabla ya siku yenyewe, kwa kawaida katika theluthi ya kati ya nafasi iliyo kati ya bimu mbili, ambako nguvu ya kukata ni ndogo. Usiuweke karibu na bimu, wala kwenye sehemu inayoning'inia kama kibaraza. Mbao za kuzuia zege ziwe zimekatwa tayari, na mapengo ya kupitishia nondo, kwa sababu nondo hazikatwi. Ishara ikitokea, vibarua wanachanganya kwa koleo kiasi cha kufikia mstari tu, na saruji ya ziada asilimia 10. Ukingo uwe wima. Kesho yake ondoa mbao, sugua uso kwa brashi ya waya hadi kokoto zionekane, lowesha, paka uji wa saruji, ndipo uendelee.

Hatua ya 6: Taja mtu

Kila ishara iwe na mtu mmoja wa kuitangaza. Pasua tuliandika msimamizi kwa ile ya dakika 15, na mhandisi kwa ile ya 45, kwa sababu ndiye anayejua mstari uko wapi.