SOMO: Kumsomea mzazi ripoti ya shule aliyotumiwa kwa picha

Nina steshenari hapa Kirumba, karibu na mwaloni. Shule zikifungwa tu, simu zinaanza kunyooshwa juu ya kaunta: "Nisomee, mwanangu kapata nini?" Na ninyi wenzangu wa maduka ya Igoma, Buswelu na Nansio hamuishi kunipigia kuuliza D ni ngapi na pointi zinahesabiwaje. Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Nazungumzia ripoti ya sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne, ile iliyojazwa Kiingereza yote.

1. Picha. Iwe ya mchana, karatasi imelala mezani, pande zote mbili. Mwambie aliyepiga aitume WhatsApp kama Document, maana ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na tarakimu zinavimba.

2. Kichwa cha ripoti. Jina, kidato, muhula. Hakikisha ni mtoto wake.

3. Namba. Picha ikiwa imepinda, jicho linaruka mstari, unasoma alama ya Kemia kwenye Jiografia. Nyoosha picha kwanza, kisha weka ukingo wa kitambulisho juu ya kioo, ushuke somo moja moja. Tarakimu usiyoielewa iulize gredi yake: kama huoni vizuri ni 34 au 84 na pembeni kuna D, hiyo ni 34. Na kama kuna safu tatu za alama, yaani jaribio, mtihani na wastani, tafuta ile inayolingana na gredi, maana ndiyo iliyotumika. Isiyosomeka kabisa, sema haisomeki. Usibuni.

4. Gredi na lile neno la pembeni. Hapa ndipo watu wanaharibu, kwa hiyo soma taratibu.

Mizani ni ya Baraza la Mitihani: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni 29 kushuka chini. Pembeni ya gredi kuna neno. A huwa "Excellent", B "Very good", C "Good", D "Satisfactory", F "Fail". Sasa kijana wa duka anaona "Satisfactory", anamwambia mama "inaridhisha", mama anaondoka anacheka. Mtoto kapata 31! Nimeshuhudia baba mmoja akirudi shule zilipofunguliwa akiwa mkali kwelikweli, kwa sababu aliambiwa masomo manne "yanaridhisha" halafu mwalimu akamwita kuhusu masomo hayohayo manne.

Kwa hiyo lile neno liache. Sema gredi na alama: "Kiingereza ana D, 38 kati ya mia. Amepita, lakini kwa chini." Vilevile usiogopeshe bure. C ya 46 na C ya 63 zinaandikwa neno moja, ila ya kwanza iko ukingoni na ya pili inakaribia B. Mtajie mzazi namba yenyewe.

5. Pointi na divisheni. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Zinachukuliwa saba bora, zinajumlishwa. Pointi 7 hadi 17 ni divisheni ya kwanza, 18 hadi 21 ya pili, 22 hadi 25 ya tatu, 26 hadi 33 ya nne, 34 na 35 ni sifuri. Pointi zikiwa CHACHE ndiyo vizuri. Mwambie mzazi hivyo kabla hujamtajia namba, la sivyo atafurahia 30.

Mfano. Mama mmoja, kijana wake yuko kidato cha tatu. Kiswahili 68, Uraia 55, Historia 52, Jiografia 47, Baiolojia 41, Kiingereza 38, Fizikia 26, Kemia 22, Hisabati 14. Alikuwa ameshaziona F tatu, herufi hiyo anaijua, mikono inamtetemeka. Tukahesabu saba bora: B moja pointi 2, C tatu pointi 9, D mbili pointi 8, na F moja pointi 5. Jumla 24. Divisheni ya tatu. F mbili zilizobaki haziingii kwenye hesabu, ingawa hazijafutika.

Halafu nikamwonyesha palipo karibu. Kiingereza kinahitaji alama 7 kufika C, Baiolojia 4 kufika C, Fizikia 4 kufika D. Zote 15. Zikipatikana, pointi zinashuka hadi 21, na hiyo ni divisheni ya pili. Akaniambia niandike masomo hayo matatu kwenye karatasi. Hisabati ya 14 ndiyo inatisha machoni, na ina kazi ndefu, lakini kwa divisheni ya muhula ujao mahali pa kuanzia ni hapo patatu.

6. Maoni ya mwalimu wa darasa. Haya yameandikwa kwa mkono na mtu anayemjua mtoto. Kwenye ripoti hiyohiyo yalisomeka: "Capable but playful. Absent 14 days. Needs close supervision." Nilimwambia hivi: "Mwalimu anasema uwezo anao, ila darasani hatulii. Siku 14 hakufika shule. Anaomba mumfuatilie kwa karibu." Basi. Usiongeze "mtoto wako mtoro". Siku 14 zinaweza kuwa malaria, ada, au alikuwa anaanika dagaa kwa ruhusa ya hapohapo nyumbani. Mzazi ndiye anayejua, na mama yule alinyamaza kidogo, nadhani alikuwa anazihesabu.

Angalia pia ABS na INC kwenye safu ya alama. ABS ni kwamba hakufanya mtihani, na INC ni kwamba kuna sehemu ya alama haijakamilika. Hizo si sifuri. Mzazi aulize shule.

7. Nyuma ya karatasi. Tarehe ya kufungua, deni la ada, mahali pa sahihi. Soma yote.

---

Maswali

Dogo wa Nyegezi: Mkuu nisaidie hii fasta [picha]

Mwandishi: Picha ni kivuli cha kichwa chako. Na jina la mtoto na la shule linaonekana, futa. Ukirudisha, ziba jina.

Dogo wa Nyegezi: Nimefuta. Ila nilichotaka kujua pointi 28 ni nzuri?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Mama Kulwa: Mwangaluka kaka. Wangu yuko darasa la tano, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Ripoti inasema Hisabati 38, Sayansi 35. Kwa mizani yako 38 ni D, lakini wameandika B. Wamekosea?

Mwandishi: Mwangaluka dada. Swali zuri, na pole kwa mshtuko. Angalia juu ya safu, utaona imeandikwa ni kati ya 50. Shule nyingi za msingi zinafuata mtindo wa mtihani wa darasa la saba, kila somo alama 50. Huko A ni 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20, na 10 kushuka ni E. Kwa hiyo 38 ni B safi na 35 ni B. Kabla ya kutaja gredi yoyote ya shule ya msingi, tafuta kwanza ni kati ya ngapi.

Mama Kulwa: Asante sana. Baba yake alishaanza kupiga kelele.

Ticha wa Ilemela: Hatua ya 4 unatuonea walimu. Neno hilo hatuliandiki sisi. Alama zinaingizwa kwenye Excel, neno linajitokeza lenyewe:

```
=IF(C5>=75,"Excellent",IF(C5>=65,"Very good",
IF(C5>=45,"Good",IF(C5>=30,"Satisfactory","Fail"))))
```

Mwandishi: Sijasema mmeliandika, nimesema waache kulitafsiri. Ila mwalimu, umenisaidia. Maana yake mtoto wa 45 na wa 64 wanapata neno lilelile, hakuna aliyewafikiria.

Ticha wa Ilemela: Ndiyo hivyo. Darasa lina watoto zaidi ya mia, siwezi kuandika kila somo. Pale chini kwa mwalimu wa darasa ndipo tunaandika kweli. Jambo jingine: divisheni ya ripoti ya shule ni ya mtihani wetu wa ndani, kwa hiyo wasiilinganishe na shule ya jirani. Mtihani si mmoja.

Mwandishi: Hiyo nimekubali. Na nafasi vilevile. Wa 61 kati ya 148 ni ndani ya darasa lake tu.

Kijana wa Nansio: Mimi nimesomewa ya mdogo wangu, yuko kidato cha tano PCB. Ana D, E na S. Kwa mizani hii E na S sizioni. S ni nini?

Mwandishi: Kidato cha tano na sita mizani ni nyingine. A ni 80 kupanda, B 70 hadi 79, C 60 hadi 69, D 50 hadi 59, E 40 hadi 49, S 35 hadi 39, na chini ya hapo F. Pointi ni 1 hadi 7, zinahesabiwa za masomo matatu ya tahsusi tu. D ni 4, E ni 5, S ni 6, jumla 15, divisheni ya tatu, kwa sababu ya tatu inaanzia 13 hadi 17. Ona kwamba D yake ya huko ni 50 kwenda juu. Ukimsomea mzazi kwa mizani ya kidato cha nne utamwambia mtoto ana thelathini na kitu.

Kijana wa Nansio: Bibi ndiye anayemlipia ada, na Kiswahili hakimkai sana. Nimtumie maandishi?

Mwandishi: Mrekodie sauti kwa Kisukuma au Kikerewe, lugha yake yoyote. Fupi: somo, alama, kisha alichosema mwalimu. Weka maoni ya mwalimu kwenye rekodi ya pili peke yake, bibi atataka kuisikiliza tena bila kupitia namba zote.

Dogo wa Nyegezi: Nimesoma hatua ya 5. 28 ni divisheni ya nne.

Mwandishi: Sasa mtajie na somo lililo karibu na gredi ya juu. Wewe duka lako unatoza ngapi?

Dogo wa Nyegezi: Bure, nikiprinti ndiyo mia tano. Ila wino wa rangi usitumie, nyeusi inatosha, na uprinti pande zote mbili maana shule inadai ripoti irudi na sahihi.

Ticha wa Ilemela: Sahihi iwe kwenye karatasi halisi. Ya kuprinti hatupokei.