Somo: Kupima pengo la huduma kwa mgonjwa wa hospitali binafsi

Wengi wakishapata majibu ya SERVQUAL, dodoso linalopima pengo kati ya huduma aliyoitarajia mgonjwa na aliyoipata, huchukua pengo kubwa kuliko yote na kuandika mapendekezo. Hapo ndipo kazi inapoharibika.

Hatua ya 1. Dodoso hili la watafiti Parasuraman, Zeithaml na Berry la mwaka 1988 lina sentensi 22 katika vipengele vitano: mwonekano wa mazingira na vifaa, kutegemewa, wepesi wa kuhudumia, uhakika, na kumjali mgonjwa. Kila sentensi hujibiwa mara mbili, kwa alama 1 hadi 7. Kwanza hospitali binafsi iliyo bora inapaswa kuwaje, halafu hii aliyotibiwa ikoje.

Hatua ya 2. Mpe mgonjwa pointi 100 azigawe kwa vipengele hivyo vitano kadiri anavyovithamini. Tafadhali usiiruke hatua hii, utaona sababu.

Hatua ya 3. Toa alama ya matarajio kwenye alama ya alichopata, kwa kila mgonjwa, ndipo utafute wastani. Jibu likiwa hasi, huduma imepungukiwa.

Tuchukue namba za kujifunzia. Mwonekano: matarajio 6.5, alichopata 5.3, pengo −1.2. Kutegemewa: 6.7 na 6.0, pengo −0.7. Ukiishia hapo utashauri jengo lipakwe rangi. Lakini wagonjwa waliupa mwonekano pointi 10 na kutegemewa pointi 35. Zidisha: −1.2 × 0.10 = −0.12, na −0.7 × 0.35 = −0.245. Kumbe kinachowauma zaidi ni ahadi zisizotimia.

Hatua ya 4. Pengo linakuonyesha pa kuchimba, halikwambii chanzo. Mgonjwa aliambiwa mapokezi kwamba majibu ya damu yatatoka baada ya saa moja; saa ya tatu bado amekaa kwenye benchi, na kila mlango wa maabara ukifunguliwa anainua kichwa. Nenda maabara uulize utaratibu wao. Wakikwambia kipimo kile huchukua saa tatu, basi maabara haikukosea, ila mapokezi wanaahidi kisichowezekana. Dawa yake ni kurekebisha maneno ya mapokezi, wala si kununua mashine.

Maswali ya wanachama

*Matarajio niyaulize lini?*
Kabla hajahudumiwa, ukiweza. Akishahudumiwa, yaliyomkuta huchafua kumbukumbu ya alichotarajia. Ukilazimika kuuliza yote mwishoni, liseme hilo kwenye ripoti.

*Kwangu matarajio yote yamegota kwenye 7. Nifanyeje?*
Hutokea sana, maana nani atasema hatarajii huduma nzuri? Matarajio yasipotofautiana, pengo halikuongezei chochote juu ya alama ya alichopata. Watafiti Cronin na Taylor mwaka 1992 walipendekeza kupima utendaji peke yake, kwa kipimo cha SERVPERF. Kwa hali yako ningekifuata hicho.

*Muuguzi wa wodi anaweza kugawa madodoso?*
Hapana. Anayejua kwamba kesho muuguzi yuleyule atamsafisha kidonda hathubutu kumpa alama 2. Agawe mtu asiyemhudumia, na karatasi iingie kwenye sanduku lililofungwa.