Somo: Kumwandikia msajili wa ardhi pembe ya kiwanja inapoandikwa pasipo pake (mfano wa Malindi, Kenya)

Sarveya akishasema "namba hazikubaliani", wengi wetu hukimbilia kuandika barua ya malalamiko. Barua ya aina hiyo hukaa jaladani kwa sababu haimwambii msajili afanye nini. Msajili hapimi ardhi. Yeye hulinda rejista, na ramani ziko chini ya Mkurugenzi wa Upimaji. Kwa hiyo barua nzuri humwonyesha msajili kosa moja mahsusi, humpa ushahidi wa mtaalamu, kisha humwomba tendo ambalo sheria inamruhusu kulifanya.

Nitashughulikia hali moja tu: bikoni, yaani alama za mpaka zilizopandwa ardhini, ziko mahali pake, vipimo vya pande ni sahihi, ila majiranukta, yaani namba zinazoonyesha mahali pembe ilipo, yameandikwa vibaya kwa pembe moja kwenye ramani ya hati.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa liko kwenye karatasi

Anza na mfumo wa namba. Ramani nyingi za upimaji nchini zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, na za zamani zaidi huwa za Cassini, pengine kwa futi. Simu yako inatumia WGS 84. Kwa hapa Malindi, ukichukua namba za Arc 1960 ukazisoma kana kwamba ni za WGS 84, kiwanja kitahama karibu mita 300 upande wa kaskazini au kusini na karibu mita 100 mashariki au magharibi. Nimeona watu wakilia kwamba shamba lao limeingia baharini, kumbe shamba halijaenda popote. Kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ramani ya Arc 1960 ya huku kwetu hufunguliwa kwa msimbo wa EPSG:21037, si EPSG:32737 ambao ni wa WGS 84. Dalili ya kosa hili ni kwamba pembe zote huhama kwa kiasi kilekile na kuelekea upande uleule. Ukiona hivyo, hakuna barua ya kuandika.

Ikiwa pembe tatu zimekaa sawa na moja peke yake imekengeuka, kuna mambo mawili: ama bikoni imeng'olewa na kupandwa kwingine, au namba imekosewa. Futi kamba itakuamulia. Pima pande zinazokutana kwenye pembe hiyo. Vipimo vikikubaliana na urefu ulioandikwa kwenye ramani, bikoni haina kosa, namba ndiyo mbovu. Visipokubaliana, na hali namba zenyewe zinaafikiana na urefu wa ramani, basi bikoni ndiyo iliyohama, na hapo kazi ni ya sarveya kuirudisha. Rejista haina haja ya kuguswa.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Tuchukue kiwanja cha mfano cha mita 40 kwa 25. Namba nimezibuni na kuziviringisha ili zisomeke kwa urahisi. Ramani ya hati inasema:

```
A  E 624 112.00   N 9 644 305.00
B  E 624 144.00   N 9 644 329.00
C  E 624 192.00   N 9 644 349.00
D  E 624 097.00   N 9 644 325.00
```

E ni umbali wa kuelekea mashariki, N ni wa kaskazini. Urefu wa upande wowote hupatikana hivi:

```
urefu = √((E2 − E1)² + (N2 − N1)²)
```

Kutoka A hadi B, tofauti ni 32 na 24, urefu mita 40. Kutoka D hadi A, tofauti ni 15 na 20, urefu mita 25. Mpaka hapo ramani inajikubali. Lakini kutoka B hadi C tofauti ni 48 na 20, yaani mita 52, na ramani hiyohiyo imeandika upande huo ni mita 25. Kutoka C hadi D namba zinatoa karibu mita 98, ramani imeandika 40. Pande mbili zilizoharibika zinakutana kwenye C, kwa hiyo mgonjwa ni C.

Sarveya aliposoma bikoni ya C ardhini alipata E 624 129.00, na N ilikuwa sawa na ya ramani. Tazama tarakimu: 129 imekuwa 192. Aliyenakili amezipindua mbili za mwisho. Tarakimu mbili jirani zikipinduliwa, tofauti daima hugawanyika kwa 9, na hapa tofauti ni 63. Hilo peke yake halithibitishi kosa, ila linaeleza lilivyozaliwa, na afisa anayeona chanzo cha kosa huwa mwepesi kuliamini. Rudia hesabu kwa 129: B hadi C mita 25, C hadi D mita 40.

Angalia pia eneo, kwa maana hapa ndipo barua inapochukua mkondo wake. Kwa namba sahihi kiwanja ni mita za mraba 1,000, yaani hekta 0.1000. Kwa namba iliyokosewa ni 874, hekta 0.0874. Kama rejista imeandika 0.1000, kosa ni la unakili tu na halimpunguzii mtu haki. Kama imeandika 0.0874, basi eneo lililosajiliwa lenyewe ni kosa, na kila mwenye maslahi lazima aarifiwe kwa maandishi kabla ya marekebisho. Yote mawili yako chini ya kifungu cha 79 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, lakini mlango wa kuingilia ni tofauti.

Hatua ya 3: Kusanya karatasi

Utahitaji nakala ya hati miliki na ramani yake, cheti cha upekuzi cha karibuni, nakala ya kitambulisho, na ripoti ya sarveya mwenye leseni iliyotiwa sahihi. Ripoti iwe na jedwali la namba zilizoandikwa na namba zilizosomwa ardhini, itaje mfumo wa namba, na itaje namba ya ramani ya upimaji, ile inayoanza na F/R. Bila F/R, afisa wa ramani hajui atoe jalada lipi.

Tazama muhuri wa hati yako kabla ya kufunga bahasha. Hati nyingi za zamani za Malindi zilisajiliwa Mombasa na zina namba ya usajili inayoanza na CR. Barua ikienda kwenye ofisi isiyo yake, itarudi kwako.

Hatua ya 4: Barua yenyewe

Barua ya Kiswahili ni halali, kwa kuwa Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Iwe fupi, ukurasa mmoja:

> Jina lako, anwani, simu
> Tarehe
>
> Kwa Msajili wa Ardhi,
> (ofisi iliyotoa hati)
>
> Bwana/Bibi,
>
> KUH: OMBI LA KUSAHIHISHA MAJIRANUKTA YA PEMBE C, KIWANJA NA. ____, MALINDI, RAMANI F/R ____
>
> Mimi ni mmiliki aliyesajiliwa wa kiwanja kilichotajwa hapo juu. Upimaji uliofanywa tarehe ____ na sarveya mwenye leseni umeonyesha kwamba E ya pembe C kwenye ramani ya hati imeandikwa 624 192.00 badala ya 624 129.00. Pembe A, B na D hazina tofauti.
>
> Urefu wa pande BC (mita 25) na CD (mita 40) ulioandikwa kwenye ramani hiyohiyo unaafikiana na namba 624 129.00, na hauafikiani na namba iliyoandikwa. Bikoni ya C ipo na haijahamishwa. Eneo lililosajiliwa, hekta 0.1000, ni sahihi na siombi libadilishwe.
>
> Kwa hiyo naomba:
> 1. Utoe maagizo kwa maandishi kwa ofisi ya upimaji ili ramani isahihishwe.
> 2. Uwaarifu wamiliki wa viwanja Na. ____ na ____ vinavyopakana na pembe hiyo.
> 3. Ramani iliyothibitishwa ikipokewa, urekebishe kumbukumbu za rejista chini ya kifungu cha 79 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, 2012.
>
> Nimeambatisha karatasi zilizoorodheshwa nyuma.
>
> Wako mwaminifu,
> (sahihi)
>
> Nakala: Mkurugenzi wa Upimaji, Ruaraka, Nairobi; na sarveya aliyepima.

Sentensi ya "siombi libadilishwe" usiiache. Msajili anaposoma ombi la pembe, hofu yake ya kwanza ni kwamba mtu anajiongezea ardhi. Kama eneo nalo limekosewa, badala ya sentensi hiyo andika eneo lililosajiliwa na eneo sahihi, na utaje wazi kwamba kosa limegunduliwa kwa upimaji wa marudio.

Hatua ya 5: Baada ya kuwasilisha

Peleka nakala mbili na ya kwako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Ramani husahihishwa na kuthibitishwa kwa Mkurugenzi wa Upimaji, na sarveya wako ndiye anayewasilisha kazi hiyo. Ramani mpya ikirudi, usiichukue kabla hujapiga hesabu ya Hatua ya 2 upya kwa pembe zote nne.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Hindi, Lamu: Mwalimu, shikamoo. Hati yangu ya skimu haina majiranukta yoyote, ina namba ya kiwanja na eneo tu. Niandike barua hii?*

Marahaba. Hapana, ndugu yangu. Mpaka wako ni wa jumla, na chini ya kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ramani ya usajili huonyesha mpaka wa aina hiyo kwa kukadiria. Hakuna namba ya kusahihisha. Ukitaka mpaka uwe wa namba kamili, omba msajili aagize upimwe na kuthibitishwa chini ya kifungu cha 19. Majirani wataitwa wasikilizwe.

*Mwanachama wa Watamu: Jirani amekataa kutia sahihi. Ombi langu limekufa?*

Halijafa, kaka. Kuarifiwa si kukubali. Jirani ana haki ya kusikilizwa, na msajili hupima hoja yake. Lakini kama anasema bikoni ya C iko ndani ya ardhi yake, hilo sasa ni shauri la mpaka, si kosa la unakili. Lianzie kwa msajili: mahakama, hata ile ya Mazingira na Ardhi iliyopo hapa Malindi, haisikilizi shauri la mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla msajili hajaliamua.

*Mwanachama wa Malindi mjini: Hati yangu iko benki kwa mkopo.*

Benki ina maslahi kwenye kiwanja hicho, dada, kwa hiyo nayo iarifiwe. Iandikie kwanza, uambatishe ripoti ya sarveya, uombe barua ya kutokuwa na pingamizi. Mwombe pia afisa wa benki akueleze hati ya asili itafikaje kwa msajili itakapohitajika, kwa sababu kwa kawaida benki huipeleka kupitia wakili wake na haimkabidhi mteja mkononi.

*Mwanachama wa Mambrui: Je, nikiisogeza bikoni mwenyewe ifuate namba ya karatasi, si itakuwa rahisi?*

Usiiguse, tafadhali. Kuhamisha alama ya mpaka bila idhini ni kosa la jinai. Na kwa mfano wetu ungekuwa umeipeleka bikoni nzima mita 63 ndani ya kiwanja cha mwenzio, ukaharibu ushahidi wa ardhini ulioonyesha kwamba karatasi ndiyo iliyokosea.