Kukagua mwongozo wa chapa: nafasi ya nembo, misimbo ya rangi na makosa ya mtaani

Mwongozo wa chapa ukisomwa mezani na dizaina aliyeutengeneza huonekana umekamilika, kwa sababu yeye hujaza kichwani kila kisichoandikwa. Pengo linajitokeza ukifika kwa asiyemjua dizaina huyo: kijana wa steshenari, fundi wa skrini wa tisheti, mchora maandishi anayepaka ubavu wa boti pale Kirumba, Mwanza. Ukaguzi unaofaa ni kuufuata mwongozo kama wao wangeufuata, bila kumpigia mtu simu, na kuandika kila mahali unapokwama.

Tuchukue kampuni ya kubuni inayofungasha dagaa, ghala lake liko karibu na soko la Mwaloni. Nembo yake ni samaki aliyekaa juu ya jina, na jina linaanza kwa D kubwa, herufi zinazofuata ni ndogo. Mwongozo una kurasa 18. Utakavyohitaji ni PDF yenyewe, faili la vekta la nembo (SVG au AI), rula, na programu ya kuchora. Inkscape ni ya bure na inatosha.

Hatua ya 1: Kusanya vitu kabla ya kufungua mwongozo

Piga picha za kila kilichobeba nembo: pakiti, kiroba, risiti, tisheti ya mbeba mizigo, bango la duka, boti, picha ya wasifu ya WhatsApp. Kumi na tano hadi 20 zinatosha. Utazihitaji mwishoni, lakini zipigwe sasa, kwa sababu ukishasoma mwongozo jicho lako litatafuta makosa ambayo mwongozo umeyataja na kuyapita yale usioyataja.

Hatua ya 2: Pima nafasi tupu, usiiamini picha

Nafasi tupu ni eneo linalozunguka nembo ambamo hakiingii kitu kingine. Angalia kwanza imetajwa kwa kipimo gani. Miongozo mingine huandika "acha sentimita 2 kila upande", na hilo ni pengo hata kama linaonekana ni jibu kamili. Kwenye kadi ya biashara ya sentimita 9 kwa 5.5, nembo yenye kimo cha sentimita 1.5 ikiachiwa 2 juu na 2 chini inameza kimo chote cha kadi, na namba ya simu haina pa kukaa. Kwenye bango ambalo nembo ina upana wa mita 4, sentimita 2 zilezile ni nusu ya asilimia moja ya upana huo. Hakuna atakayeiona. Kipimo lazima kitoke ndani ya nembo yenyewe ili kikue na kupungua pamoja nayo. Kwa kawaida huitwa X.

Mwongozo wa kampuni yetu unayo X: "Acha X pande zote. X ni urefu wa herufi." Herufi ipi? Chapa ukurasa huo nembo ikiwa na upana wa milimita 60, kisha weka rula. D ina urefu wa milimita 8, a ina 5. Mstari wa nukta uliochorwa kuzunguka nembo uko milimita 5 kutoka kwenye jina. Kwa hiyo maandishi hayasemi, mchoro unasema a, na mtu mwenye haraka atachukua D kwa sababu ndiyo inayoonekana kwanza.

Sasa rudi upande wa kulia. Mkia wa samaki umetokeza milimita 3 kupita mwisho wa jina, lakini mstari wa nukta umepimwa kuanzia jina. Kati ya mkia na mstari zimebaki milimita 2 tu. Anayepanga pakiti akiweka alama ya ubora ya TBS pembeni ya mstari huo atakuwa ameufuata mwongozo kikamilifu, na bado samaki ataonekana anaidonoa alama kwa mkia. Kosa hili huwezi kuliona kwa kusoma. Linaonekana kwa rula.

Kabla ya kuamua X iwe ipi, jaribu kwenye kitu chembamba kuliko vyote. Pakiti yetu ina milimita 90 zinazotumika kwa upana. X ikiwa D, upana wa nembo pamoja na nafasi zake ni 60 + 8 + 8, yaani 76. Kwenye pakiti nembo itakuwa 90 × 60 ÷ 76, karibu milimita 71. X ikiwa a, jumla ni 70 na nembo inafika milimita 77. Tofauti ni milimita 6, hasara ndogo kwa nafasi kubwa zaidi. Pendekeza D, na andika kanuni mpya badala ya kulalamika tu kwamba ya zamani haieleweki:

"X ni urefu wa herufi D ya jina. Pima kuanzia ncha ya nje kabisa ya nembo, pamoja na mkia wa samaki. Ndani ya X pasiwepo maandishi, alama nyingine, mshono wala ukingo wa kifungashio."

Neno "mshono" limewekwa makusudi. Pakiti hufungwa kwa joto juu na chini, na mwongozo uliotengenezwa kwa kuwaza skrini tu hausemi kama sehemu ya kufungia ni ukingo au si ukingo.

Kazi mbili za mwisho hapa ni za haraka. Fungua faili la PNG uone kama nafasi tupu imeshawekwa ndani yake. Kama imo na mwongozo hausemi, kuna watakaoiacha mara mbili. Halafu tafuta kanuni ya picha ya duara. Mraba unaoingia wote ndani ya duara una upande wa asilimia 70 tu ya kipenyo, kwa hiyo kwenye picha ya wasifu ya pikseli 640, nembo pamoja na nafasi yake haina budi kukaa ndani ya mraba wa pikseli 450 hivi. Nembo pana kama hii itakuwa ndogo mno hapo. Mwongozo useme kama samaki peke yake anaruhusiwa.

Hatua ya 3: Zigombanishe namba za rangi

Ukurasa wa rangi unasema bluu ni hivi:

```
HEX   #0B5FA5
RGB   11, 95, 156
CMYK  93, 42, 0, 35
```

HEX na RGB ni namba ileile iliyoandikwa kwa njia mbili, kwa hiyo lazima zilingane kabisa. Gawa HEX vipande vya tarakimu mbili. Ya kwanza zidisha kwa 16, jumlisha ya pili, A ikiwa 10 hadi F ikiwa 15. 0B ni 11. 5F ni 5 × 16 + 15, yaani 95. A5 ni 10 × 16 + 5, yaani 165. Jedwali linasema 156. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, na tovuti itakuwa na bluu moja huku wasilisho la ofisini likiwa na nyingine.

Ipi ni sahihi? CMYK, yaani asilimia za wino wa sayani, majenta, njano na mweusi, inaweza kukuambia, kwa sababu hii inaonekana imetoka kwenye kikokotoo cha mtandaoni. Kikokotoo cha kawaida huchukua namba kubwa kati ya zile tatu, na wino mweusi ni kiasi kilichopungua kufika 255, kikigeuzwa kuwa asilimia ya 255. Kwa 165 unapata nyeusi 35 na majenta 42, kama jedwali. Kwa 156 ungepata 39 na 39. Basi HEX ndiyo mama, na RGB imekosewa wakati wa kuandika. Hata hivyo thibitisha kwa kufungua faili la vekta na kusoma rangi ya samaki mwenyewe. Kuna siku utakuta faili lina rangi ya tatu kabisa.

Ugunduzi huo una upande wake mbaya. Hesabu ya kikokotoo haijui wino wala karatasi. Dalili yake ni kwamba kila rangi ina sifuri kwenye moja kati ya sayani, majenta na njano. Angalia manjano ya kampuni, #F2B705: CMYK imeandikwa 0, 24, 98, 5. Ile 5 ya nyeusi ni vitone vya wino mweusi juu ya manjano, na pakiti inatoka kama imepitiwa na moshi. Dalili si ushahidi, maana dizaina anaweza kuchagua sifuri kwa akili yake, lakini ukiikuta kwenye rangi zote andika: "CMYK zijaribiwe kwa chapa ya sampuli, zisichukuliwe kwenye kikokotoo."

Kisha uliza rangi gani hazipo. Viroba vya kufumwa huchapwa kwa wino uliochanganywa tayari, rangi moja moja, na mchapaji ataomba namba ya Pantone. Asipopewa atalinganisha kwa jicho na kiroba cha zamani kilichokwisha kupauka juani. Namba ikiwepo, angalia kama inaishia na C au U. Hizo ni karatasi yenye mng'aro na isiyo na mng'aro, na namba ileile huonekana tofauti juu ya kila moja. Kwa boti na ukuta wa duka inahitajika rangi ya kopo: msimbo wa RAL wenye tarakimu 4, uliochaguliwa kwa kulinganisha kadi ya rangi nje kwenye mwanga wa mchana. Pantone haimsaidii mtu mwenye brashi.

Hatua ya 4: Makosa yaliyochorwa dhidi ya makosa yanayotokea

Zitoe sasa zile picha. Mwongozo una mifano sita ya matumizi mabaya: nembo imevutwa, imepinduliwa, imebadilishwa rangi, ina kivuli, iko upande, iko juu ya picha yenye vurugu. Ni sita zilezile za kila mwongozo. Weka kila picha yako chini ya mfano unaoihusu. Kwenye kazi kama hii rundo kubwa huwa lile lisilo na mfano: samaki amegeuzwa kwenye ubavu wa pili wa boti ili aelekee mbele, jina limeandikwa upya kwa fonti nyingine kwa kuwa steshenari haikuwa na faili, nembo imewekewa kisanduku cheupe kwenye kiroba cha rangi, namba ya simu imebanwa chini ya jina kana kwamba ni sehemu yake.

Rundo hilo ndilo pengo. Lakini usiongeze katazo bila njia mbadala. Mchora boti amemgeuza samaki kwa sababu ya maana: boti ina pande mbili, na samaki anayeogelea kinyumenyume anachekesha. Mwongozo ama uruhusu nembo ya kugeukia kulia, samaki peke yake huku jina likibaki linasomeka, na utoe faili lake, ama useme ubavu huo upakwe jina tu.

Angalia pia katazo linalopingana na mwongozo wenyewe. Ukurasa wa 12 unakataza nembo juu ya picha. Jalada lina nembo nyeupe juu ya picha ya ziwa. Watu huiga jalada.

Mwisho, chagua nembo iliyovutwa ndani ya PDF uone kama bado ni vekta. Kama ni vekta, mtu anaweza kuinakili na kuitumia, na hutokea. Mifano mibaya iwekwe kama picha ya pikseli chache. Halafu chapa ukurasa huo kwa nyeusi na nyeupe, kama utakavyofika mtaani kwa fotokopi: mstari mwembamba mwekundu uliopigwa juu ya nembo umekuwa kijivu na umejichanganya na samaki. Chini ya kila mfano pawe na neno SI SAHIHI na sentensi moja ya Kiswahili ya sababu. Huu wa kwetu una maelezo kwa Kiingereza tu, na aliyekusudiwa kuusoma ana brashi mkononi Kirumba.

Hatua ya 5: Andika ripoti fupi

Safu nne zinatosha: ukurasa, pengo, kinachotokea likiachwa, na maneno au namba ya kuweka badala yake. Panga kwa gharama ya kosa. Viroba vinachapwa kwa maelfu, kwa hiyo Pantone inatangulia. RGB iliyokosewa inarekebishwa kwa dakika moja. Dai pia namba ya toleo kwenye jalada na kwenye jina la faili, mfano `mwongozo-chapa-v2.pdf`, kwani toleo la zamani litaendelea kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na mchapaji atahitaji kujua aliloshika ni lipi.