Somo: Kuachia gemu nchi moja kwanza, na kwa nini watu 200 hawakutoshi

Wakuu, swali la "nianzie nchi gani" nimelijibu mara nyingi mpaka siku hizi nanakili jibu la juzi na kubandika. Naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena atapata kiungo tu.

Nazungumzia gemu ya bure inayoishi kwa matangazo na mauzo ya ndani, Android kwanza, timu ya watu wawili watatu. Unaiachia nchi moja ndogo ili ujibiwe swali moja: mtu asiyekujua kabisa, aliyeipakua jana, leo amerudi? Mambo ya mapato yanakuja baadaye, maana huwezi kumuuzia mtu aliyekwisha kuifuta.

1. Akaunti. Kama akaunti yako ya Play Console ni ya mtu binafsi na uliifungua baada ya 13 Novemba 2023, lazima kwanza uwe na wajaribu 12 kwenye majaribio ya kufungwa kwa siku 14 mfululizo. Ianze mapema.

2. Nchi. Usitafute nchi nzuri, tafuta inayojibu swali lako. Ukitaka kujua kama gemu inaganda au kujifunga kwenye simu za bei ya chini, Ufilipino inafaa: Android ni nyingi, Kiingereza kinaeleweka, na kumleta mchezaji kwa tangazo ni nafuu. Ukitaka kujua kama watu watanunua, na soko unalolilenga ni Marekani, basi ni Kanada, Australia au Nyuzilandi, na jiandae kulipa zaidi kwa kila mtu. Moja tu. Ukigawa bajeti ndogo kwa nchi tano unapata makundi matano ambayo hakuna hata moja linaloweza kukuambia kitu.

3. Play Console. Ukurasa wa Production, kichupo cha Countries/regions, ongeza nchi yako hiyo moja, basi. Usiiweke kwenye majaribio ya wazi ukadhani ni kitu kilekile: anayejiunga na majaribio anajua anajaribu, na anavumilia mengi.

4. Vipimo. Hakikisha kila tukio linabeba namba ya toleo, nchi, na alikotoka mchezaji. Hatua ya 6 itakuonyesha kwa nini.

5. Watu. Kampeni moja, tangazo moja, nchi moja. Siku tatu za mwanzo sizihesabu kabisa, mtandao wa matangazo bado unapapasa kutafuta nani wa kumwonyesha. Baada ya hapo acha wiki nzima ipite, kwa sababu wa Jumamosi hawafanani na wa Jumanne.

6. Kusoma namba. Hapa ndipo nilipoungua, kwa hiyo nitakaa.

Waliopakua siku moja tuwaite rika moja. Gemu yetu ilikuwa ya mafumbo, na mafunzo yake yalikuwa marefu: kidole cheupe kinatokea kwenye skrini, gusa hapa, sasa gusa pale, mara kumi na nne kabla hujaachiwa ucheze mwenyewe. Toleo hilo lilipakuliwa na watu 210, kesho yake wakarudi 82, asilimia 39. Tukakata mafunzo yabaki miguso mitatu. Toleo jipya likapata watu 190, wakarudi 63, asilimia 33. Tukasema kumbe watu wanapenda kushikwa mkono. Tukarudisha kidole, tukakaa nacho miezi miwili tukihangaika na rangi za vitufe.

Kosa la kwanza lilikuwa idadi. Kila asilimia unayoiona ina shaka pande zote mbili, na shaka hiyo inapimika:

```
D1   = waliorudi_kesho / waliopakua
kosa = 1.96 * sqrt(D1 * (1 - D1) / waliopakua)
```

Weka 0.39 na 210, unapata 0.066. Maana yake ile 39 yetu ingeweza kuwa popote kati ya 32 na 46. Ile 33 popote kati ya 26 na 40. Namba mbili zinazopandana hivyo hazijasema lolote, nasi tulizisikiliza.

Kosa la pili lilijificha zaidi. Kati ya wale 210 walikuwemo 40 waliotoka kwenye kundi la wapenda mafumbo ambako mwenzangu alibandika kiungo. Wale walikuja kutusalimia. Walirudi 34. Watoe hao, wanabaki 170 walioletwa na tangazo, na waliorudi ni 48: asilimia 28. Toleo jipya halikuwa na watu wa kiungo hata mmoja. Kwa hiyo tulipanga marafiki upande mmoja na wageni upande wa pili, kisha tukashangaa marafiki wamependa zaidi.

Tulirudia vizuri baadaye. Matoleo yote mawili kwa wakati mmoja, gemu yenyewe ikirusha shilingi mtu anapoifungua mara ya kwanza, watu 2,000 kila upande, wote wa tangazo. Kidole kirefu 29, mafunzo mafupi 34. Shaka ni pointi mbili hivi kila upande, hazipandani. Tulikuwa tumetupa toleo bora na kulipia miezi miwili ya toleo baya.

Kwa hiyo, angalizo: usilinganishe toleo la wiki hii na la wiki iliyopita, maana na watu wamebadilika. Usibadilishe tangazo na gemu siku moja. Na kiungo cha gemu usikibandike popote mpaka kipimo kiishe, hata mama yako akikiomba.

7. Uamuzi. Andika kabla ya kuanza ni namba gani itakufanya usonge na ipi itakufanya uache. Wapo wanaokaa sana: Brawl Stars ya Supercell ilianza Kanada Juni 2017 ikatoka duniani Desemba 2018, na katikati hapo ikageuzwa kutoka kuchezwa simu ikiwa wima hadi simu ikiwa imelazwa. Rush Wars ya haohao ilifunguliwa nchi chache 2019 na ikafungwa mwaka huohuo. Yote mawili ni majibu halali.

---

Maswali

Tembo_Mdogo: Mkuu, nianzie nchi gani?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Tembo_Mdogo: Nimesoma, ila gemu yangu ni ya mpira.

Mwandishi: Bado ni hatua ya 2. Unataka kujua nini, kama inaganda au kama inauza? Jibu hilo kwanza, nchi itajitaja.

Kibatari: Nimeachia nchi moja kama ulivyosema lakini mimi mwenyewe siioni dukani. Somo lako lina kasoro.

Mwandishi: Uko nchi nyingine, huwezi kuiona, ndiyo maana ya kuifungia. Play inaangalia nchi ya akaunti yako, na hiyo inabadilishwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo usiichezee kwa ajili ya hili. Ukitaka kuiona, jiweke kwenye majaribio ya ndani.

Kibatari: Ungeandika juu basi.

Mwandishi: Sasa imeandikwa.

Nyuki wa Usiku: Shukrani kwa hesabu, mkuu. Nimejaribu kuelewa: hiyo 2,000 ni sheria, au inategemea?

Mwandishi: Inategemea ukubwa wa tofauti unayoitafuta, na umeuliza palipo patamu. Kwetu tofauti ilikuwa pointi tano, 29 kwa 34. Kuiona kwa uhakika wa kuridhisha kungehitaji kama 1,400 kila upande, nikaweka 2,000 nipumue. Tofauti ikiwa pointi mbili tu, unavuka 8,000 kila upande. Kosa linashuka kwa kipeuo cha pili, kwa hiyo ukitaka shaka ipungue nusu, watu wawe mara nne. Ndiyo sababu timu ndogo ijaribu mabadiliko makubwa, kama kukata mafunzo. Rangi ya kitufe waachie wenye watu laki.

Nyuki wa Usiku: Na kama bajeti inaishia watu 500?

Mwandishi: Usilinganishe matoleo. Tumia hao 500 kuona wanakwama wapi. Tuma tukio kila hatua ya mafunzo inapokwisha, uone wanamwagikia ngazi ipi. Kama watu 500 wanaingia na 300 wanaishia hatua ya nne, hapo huhitaji fomula.

Jongoo_Msimbo: D1 yangu ni asilimia 61. Niache majaribio nitoke duniani?

Mwandishi: Usitoke. 61 kwa gemu ya wageni inanitia wasiwasi. Unahesabu tukio gani kama "kurudi"?

Jongoo_Msimbo: Langu mwenyewe, `app_alive`, linatumwa programu inapoamka.

Mwandishi: Na unatuma arifa za "zawadi yako inakungoja" kila asubuhi, sivyo? Kwenye Android ujumbe wa arifa unaweza kuiamsha programu kwa nyuma, simu iko mfukoni. Hapo tukio lako linaondoka na wewe unaandika amerudi. Tumia tukio linalohitaji skrini kuwa mbele, mfano `user_engagement` la Firebase, uhesabu upya.

Jongoo_Msimbo: Imekuwa 27.

Mwandishi: Pole. Lakini hiyo ni namba ya kweli, anza nayo.

Sisimizi: Naongezea moja. Angalieni saa pia. Mtu akipakua saa 5:50 usiku akacheza dakika ishirini, kwa hesabu ya tarehe tayari "amerudi kesho yake". Nilihama kwenye tarehe nikahesabu saa 24 hadi 48 tangu afungue mara ya kwanza, D1 ikashuka pointi tatu.

Mwandishi: Kweli kabisa, na hilo sikuliandika. Njia zote mbili zinatumika, ila ukichagua moja usiihame katikati ya kipimo. Na ukijilinganisha na namba za mtu mwingine, muulize kwanza anahesabu ipi.

Chozi_la_Mkizi: Watu wakinipa nyota moja wakati huu si nimeharibu jina?

Mwandishi: Kwa kiasi kidogo. Tangu Novemba 2021 Play inaonyesha kwenye simu nyota za nchi ya mtumiaji, hivyo hasira za nchi yako ya majaribio zinabaki kulekule zaidi. Kwa hiyo usijaribie soko lako kuu. Na mwanya mwingine: faili la gemu hutolewa likazagaa nje ya duka, unaanza kuona wachezaji wa nchi usizofungua. Kagua kilichoisakinisha, cha Play kinasomeka `com.android.vending`. Wengine wachujwe nje ya rika.

Sisimizi: Wale wa nje mimi siwachuji, nawaweka kwenye jedwali lao. Mara moja walinionyesha nchi ambayo sikuwa nimeiwazia kabisa.

Mwandishi: Hiyo naiba.

Tembo_Mdogo: Nimeamua: nataka kujua kama inaganda.

Mwandishi: Ufilipino. Tafuta simu ya ramu 2 uicheze kwanza wewe mwenyewe nusu saa bila kuifunga, kabla hujalipia mtu hata mmoja.